Sifa za Mpango Usioisha Kuandikwa

Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kikishirikiana na JICA ya Japani, kilianza mradi wa miaka mitano wa maendeleo ya vijijini. Sehemu moja ya majaribio ilikuwa milima ya Uluguru, nyingine milima ya Umatengo, Mbinga. Waliofika Mbinga hawakuja na orodha ya shughuli za miaka yote mitano. Walianza kwa kuisoma hali ya mahali: mashamba ya ngoro, kahawa, misitu, maji ya mito. Katika kijiji cha Kindimba kazi iliyotangulia ikawa mashine ya kusaga inayozungushwa na maji, na baadaye vikaja vikundi vya mabwawa ya samaki na vitalu vya miti. Kamati iliyosimamia ikaitwa sengu, kwa jina la baraza la kale la Wamatengo la kukaa, kula na kushauriana pamoja.

Mtu wa ofisini angeweza kuona uzembe hapo: mradi wa miaka mitano, na mwaka wa nne haujulikani una nini! Mimi naona ufundi. Wasimamizi wa miradi huuita kupanga kwa mawimbi: kazi ya miezi michache ijayo inaandikwa hadi jina la mtu na idadi ya mifuko ya saruji, ya mbali inabaki mstari mmoja wenye lengo, makisio mapana na mwezi wa kurudiwa. Kadiri tunavyoikaribia, na tunavyojua zaidi, mstari ule unapasuliwa kuwa kazi.

Tuchukue mashine kama ile, kwa hesabu ninazozitunga ili mambo yaonekane. Kijiji kinataka kinu cha maji. Swali la kwanza si turbini gani, wala jengo la vyumba vingapi. Ni kijito kinabaki na maji kiasi gani Oktoba, kabla mvua hazijaanza, maana kinu kitakachosaga Machi tu hakina faida kwa mama anayetaka unga mwaka mzima. Basi wimbi la kwanza linaandikwa kwa ukamilifu: nani atapima, kila wiki siku gani, kwenye kipande kipi cha mto kilichonyooka, kwa kijiti kinachoelea na saa. Upana, kina na mwendo wa maji vinaingia daftarini. Mwendo wa juu hupunguzwa kidogo katika hesabu, kwa sababu maji ya chini na ya kando huenda polepole zaidi. Mtu mwingine anapima tofauti ya kimo kati ya mahali pa banio na mahali pa mashine. Yote mengine, yaani mfereji, bomba, turbini na jengo, yanakaa kwenye mistari minne mifupi yenye makisio yanayoweza kukosea kwa nusu nzima. Hapo hapana aibu yoyote, mradi makisio yameandikwa kuwa ni makisio.

Tuseme wazee wanakumbuka kijito chenye nguvu, na makisio ya mwanzo yakachukua lita 60 kwa sekunde na anguko la mita 15. Nguvu kwa kilowati ni 9.81 mara mita za ujazo kwa sekunde, mara kimo, mara ufanisi wa mitambo. Kwa ufanisi wa asilimia 60 tunapata kama kilowati 5.3, zinazotosha mashine ndogo. Oktoba inafika, daftari linasema lita 35. Nguvu imeshuka hadi kilowati 3.1. Kama bomba lingekuwa limeshanunuliwa na msingi wa jengo umeshachimbwa, kijiji kingebaki na mashine inayokoroma. Lakini vitu hivyo bado ni mistari tu. Kamati inauliza: je, mfereji ukirefushwa ubavuni mwa mlima na jengo likashushwa bondeni, hadi anguko liwe mita 25? Kwa maji yaleyale 35, nguvu inarudi kilowati 5.15. Gharama imehama kutoka kwenye mitambo kwenda kwenye jembe, na jembe kijiji kinalo.

Sasa ndipo wimbi la pili linaandikwa kwa ukamilifu, na hapa mpangaji anayeijua Mbinga hujitenga na asiyeijua. Ukipanga kuchimba mfereji Machi, hutapata watu, kwa kuwa mvua zikielekea ukingoni nyasi zinakatwa na kupangwa miraba, kisha udongo unafukuliwa juu yake kupanda maharage. Hiyo ndiyo kazi ya ngoro, na haingoji mradi. Kuanzia katikati ya mwaka ni kuchuma kahawa, kumenya na kuanika. Nafasi ya mfereji ni finyu, na itajulikana vizuri zaidi baada ya kuona kahawa ya mwaka huo imeiva mapema au imechelewa. Kuiandikia tarehe miezi kumi na minane kabla ni kubahatisha.

Kisichobahatishwa ni mambo mawili. Kwanza, lengo halichezewi: unga, mwaka mzima, kwa kijiji hiki. Kamati ikianza kusema turbini itoe na umeme wa maduka, huo si ufafanuzi wa kazi ileile, ni kazi mpya, nayo iamuliwe kama kazi mpya na kutafutiwa fedha zake. Watu wengi huchanganya hayo mawili, na mradi hunenepa bila mtu kukiri kwamba umenenepa. Pili, kila mstari mfupi una mwezi wake wa kupasuliwa, kabla wimbi linaloutangulia halijaisha. Mstari unaovuka mwezi huo ukiwa vilevile ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa. Dalili nyingine ni kinyume chake: kazi ya wiki ijayo imeandikwa "uhamasishaji uendelee", ilhali ya mwaka wa tatu ina tarehe na saa.

Halmashauri zetu zinaijua sanaa hii kuliko zinavyosifiwa. Bajeti inayoanza tarehe 1 Julai hukaa ndani ya mpango wa muda wa kati wa miaka mitatu: wa kwanza ndio wenye fedha za kutumika, miwili inayofuata ni makadirio yanayorudiwa kila mwaka. Ubaya huja pale makadirio ya mwaka wa pili yanaponakiliwa kama yalivyo, bila mtu kuuliza nini kimejulikana tangu yalipoandikwa.

Ukiteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, utaona kwa macho viwango hivyo vya ukamilifu wa mpango, kutoka kazi iliyo karibu hadi iliyo mbali. Barabara ya lami ya kilomita 66 hadi ufukweni imekwisha. Ilibidi kila kalvati la mteremko ule liwe limechorwa kabla ya kujengwa. Bandari mpya ziwani ilipewa mkandarasi na michoro yake. Reli ya kutoka Mtwara hadi hapo, takriban kilomita 1,000 pamoja na matawi ya Mchuchuma na Liganga, imeishi miaka mingi katika upembuzi yakinifu. Wapo wanaoicheka reli hiyo kwa kubaki kwenye karatasi. Mimi siicheki kwa kukosa ratiba ya vituo, maana bila makaa na chuma vya kubeba hakuna anayeweza kuiandika kwa ukweli. Ningeicheka kama ingekuwa nayo.

Kwa hiyo ukikabidhiwa mpango wa miaka mitano wenye tarehe za siku kwa siku hadi ukurasa wa mwisho, usianze kuupigia makofi. Muulize aliyeuandika, kwa adabu, tarehe za mwaka wa nne alizipata wapi.