Barua ya Mwaka wa Tano

Meneja anayejua kuandika barua ya pongezi ya miaka mitano hukaa kwenye majalada kwa muda mrefu kuliko anavyokaa kwenye kuandika. Ana sababu. Akili ya mkubwa wa kazi hushika zaidi mambo ya juzi na jana, na mara nyingi yeye mwenyewe kahamia ofisini hapo juzijuzi tu. Miaka ya mwanzo ya mtumishi wake hakuiona.

Chukua mfano wa bohari ya chanjo ya wilaya. Mtunza bohari ni mama wa makamo, na mratibu wa chanjo, ambaye ndiye mkubwa wake, ni kijana aliyeletwa pale miaka miwili iliyopita. Akiandika kwa kichwa tu, ataishia kwenye “uchapakazi” na “kujituma”, maneno ambayo hata dereva na mhasibu wangeweza kuandikiwa. Kwa hiyo anafungua chati za joto. Kila jokofu la chanjo lina chati yake, na joto husomwa asubuhi na jioni, sikukuu na Jumapili zikiwemo. Linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi.

Kwenye chati ya mwaka wa pili anakuta asubuhi moja imezungushiwa wino mwekundu: nyuzi moja chini ya sifuri. Pembeni kuna maelezo mafupi kwa mwandiko wa yule mama.

Hapo ndipo barua ilipo, ila inataka kuelewa. Watu wengi huogopa chanjo kupata joto. Lakini chanjo ya pentavalenti, ya homa ya ini na ya pepopunda huharibiwa pia na baridi ya kugandisha, na ikishayeyuka, chupa inaweza kuonekana nzima kabisa. Kile kibandiko cha chupani kinachobadilika rangi hakisaidii, maana hupima joto lililozidi, wala hakina habari na kuganda. Mratibu akiandika kwamba mama “alisoma vibandiko akaokoa chanjo”, mwenyewe atajua tangu mstari wa kwanza kwamba mkubwa wake hajui alichofanya. Sifa iliyokosewa namna hiyo huuma kuliko kunyamaziwa.

Alichofanya ni kazi ya subira. Chupa zote zenye shaka alizitenga na kuziandika zisitumike. Kisha akachukua chupa moja ya bechi ileile, akaigandisha makusudi usiku kucha mpaka ikawa barafu, akaiacha iyeyuke yenyewe bila kuipasha moto. Aliitikisa pamoja na chupa zenye shaka, akaziweka mezani zikiwa zimesimama na kuzitazama hadi nusu saa. Chanjo iliyoganda huweka masimbi chini upesi, na juu hubaki maji maangavu. Nzima hukaa na ukungu wake kwa muda mrefu zaidi. Zilizokuwa zimegusa ukuta wa baridi zilikuwa zimeharibika. Za kikapu cha mbele zilikuwa salama, zikaenda zahanati.

Sasa mratibu anaandika, na anaandika kidogo. Anaanza na shikamoo, kwa kuwa cheo hakifuti umri. Halafu: “Sikuwapo asubuhi ile, nimeisoma kwenye chati yako. Ulipima kabla ya kutupa, na ulipima kabla ya kugawa. Tangu siku hiyo vikapu havigusi ukuta wa jokofu, na mlinzi wa zamu anajua kusoma kipimajoto kwa sababu ulimfundisha.”

Sentensi ya kwanza ni ya heshima kubwa, kwani hajifanyi shahidi. Ya mwisho ameihakiki kwa kumuuliza mlinzi mwenyewe. Kuna sentensi aliyoifuta pia: kwamba mama aliokoa maisha ya watoto kadhaa. Hakuna chati inayoonyesha hivyo, na hesabu ya kubuni ingeitia shaka barua nzima. Fundi wa majokofu aliyekuja kurekebisha kidhibiti joto naye anatajwa, maana mama angekuwa wa kwanza kuona ameachwa.

Ahadi ya cheo haimo. Kupanda daraja kuna utaratibu wake, na barua ikidokeza kisichoweza kutolewa, ndicho kitakachokumbukwa. Kasoro za kazi nazo hazimo. Zina kikao chake cha tathmini.

Barua inachapwa nakala mbili. Moja mama anakabidhiwa mkononi asubuhi, kabla foleni ya magari ya kuchukua chanjo haijaanza, apate nafasi ya kuisoma. Ya pili inaingia kwenye jalada lake la utumishi pamoja na kivuli cha ukurasa ule wa chati, kwani mratibu naye atahamishwa, na atakayekuja atahitaji pa kuanzia.