Ankara ya Milioni Moja na Nusu

Tarehe 1 Aprili 2020 Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 ili kupunguza makali ya korona. Tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 16. Kwa programu ya kuandika ankara, mabadiliko hayo ni namba moja tu: unafuta 14, unaandika 16, umemaliza. Hata hivyo namba hiyo moja yaweza kuharibu hesabu iliyokuwa sahihi miezi tisa mfululizo, na sababu yake imejificha katika jinsi lugha kama Java, C na C# zinavyokokotoa namba kamili.

Tuchukue mfano wa hadiwea inayouza saruji, mabati na nondo kwa wajenzi wa Kiuu, kule Ruiru, ambako nyumba za kupangisha hazijaacha kuota. Hadiwea ni ya kubuni, lakini hesabu zote zinazofuata ndizo mashine itakazotoa. Programu yake iliandikwa kwa Java katikati ya 2020, na mwandishi wake alitunza pesa kama senti katika aina ya `int`. Uamuzi wa kutunza senti ni mzuri, kwa sababu namba za desimali za kompyuta haziwezi kushika senti kumi kwa usahihi kamili, na makosa hayo madogo hujikusanya. Tatizo linaanza kwenye kodi. Mtu aliyejifunzia Python, ambako alama ya `/` hutoa desimali, huandika hivi:

```java
int kodi = senti * (14 / 100);
```

Kila ankara inatoka na kodi ya sifuri. Kwenye Java, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu ni namba kamili: sehemu ya desimali inatupwa, haikadiriwi. Kumi na nne kwa mia ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa bei yoyote inabaki sifuri. Wengi hukimbilia kubadili `int kodi` kuwa `double kodi`, wakipata 0.0, kisha wanashangaa. Aina ya upande wa kushoto haina usemi wowote juu ya kinachotendeka kulia. Mashine inatazama namba mbili zilizo pande mbili za alama ya kugawanya, inaona zote ni `int`, inagawanya kwa `int`, na jibu likishakatwa ndipo linapowekwa kwenye chombo kikubwa.

Kosa hili angalau linaonekana siku ile ile, kwani hakuna mhasibu atakayekubali ankara isiyo na kodi. Dawa yake ya kawaida ni kuzidisha kwanza:

```java
int kodi = senti * 14 / 100;
```

Sasa majibu yanakuja vizuri, na hapa ndipo hatari ya pili inapoingia kupitia mlango wa dawa ya kwanza. Ukizidisha kabla ya kugawanya, namba ya katikati inakuwa kubwa sana kwa muda mfupi, na `int` ya Java ina biti 32: mwisho wake ni 2,147,483,647.

Chukua ankara ya shilingi 1,500,000, yaani senti 150,000,000. Kwa asilimia 14, namba ya katikati ni 2,100,000,000. Inaenea, kwa shida. Kodi inatoka shilingi 210,000, sahihi kabisa. Tarehe 1 Januari 2021 unaweka 16, na namba ya katikati inakuwa 2,400,000,000. Imepita kikomo. Java hailalamiki wala haisimami, bali inatoa 4,294,967,296 (mbili kwa kipeo cha 32) na kubakiwa na hasi 1,894,967,296. Ikigawanywa kwa mia, ankara inadai kodi ya hasi shilingi 189,496.72. Kikomo kimeshuka kutoka bei ya shilingi 1,533,916.89 hadi 1,342,177.27, na duka ambalo ankara zake kubwa zilikuwa zikiangukia kati ya hizo mbili linaharibikiwa usiku wa mwaka mpya.

Kinachonitia hofu zaidi ni ankara ya shilingi 3,000,000. Senti 300,000,000 mara 16 ni 4,800,000,000. Inazunguka duru nzima na kutua kwenye 505,032,704, namba chanya. Kodi inasomeka shilingi 50,503.27, badala ya 480,000. Hasi humshtua hata karani mwenye haraka. Elfu hamsini na ushee kwenye ankara ya nondo hupita mezani bila swali.

Kufurika huku si kwa maduka tu. Kenya Airways ilipokea Boeing 787 yake ya kwanza Aprili 2014. Mwaka uliofuata mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliwaagiza wanaoendesha ndege za aina hiyo kuzima umeme wake kabisa kila baada ya muda uliowekwa, kwa kuwa kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta kingefurika baada ya siku 248 za umeme usiokatika, na vidhibiti vyote vingeweza kuzima kwa pamoja. Ukihesabu mbili kwa kipeo cha 31 katika sehemu za mia za sekunde, unapata siku 248 na nusu hivi. Shirika la ndege halikuandika mstari wowote mpya; muda wenyewe ndio uliokuwa ukijaza namba.

Turudi dukani. Marekebisho yanayoshindwa ni haya: `long kodi = senti * 16 / 100;`. Ni kosa lile lile la `double`, kwa sababu `senti` na `16` bado ni `int` na kufurika kumekwisha kutokea kulia. Inatosha herufi moja:

```java
long kodi = (senti * 16L + 50) / 100;
```

`16L` inailazimisha mashine kuzidisha kwa biti 64. Ile 50 inarekebisha ukataji: bidhaa ya shilingi 85.55 ina kodi ya senti 1,368.8, ambayo bila 50 hukatwa kuwa 1,368 badala ya 1,369. Lakini 50 inafaa namba chanya peke yake. Mteja akirudisha bidhaa hiyo na ukaiingiza kama senti hasi 8,555, Java inakata kuelekea sifuri na kutoa hasi 1,368. Senti moja inabaki ikining'inia kwenye daftari. Kwa marejesho, kokotoa kodi kwa thamani chanya, kisha geuza alama. Na pale unapotaka programu isimame badala ya kudanganya, Java 8 ilileta `Math.multiplyExact`, inayotupa hitilafu namba ikifurika.

Jaribio la shilingi mia halitakuonyesha chochote. Jaribu senti 134,217,727, kisha 134,217,728: kwa `int` na asilimia 16, ya kwanza inapita na ya pili inageuka hasi. Kwa ankara za zamani, bei iliyohifadhiwa bado ni nzima, kwa hiyo kodi yaweza kukokotolewa upya na kulinganishwa, mradi ukumbuke kutumia 14 kwa zile za Aprili hadi Desemba 2020. Ukifanya hivyo kwenye PostgreSQL ambamo safu ya `senti` ni `integer`, igeuze kwanza kuwa `bigint`. Usipofanya hivyo itasimama kwenye ankara kubwa ya kwanza na kuandika `integer out of range`.