Uhakiki wa Matumizi ya Kigawo cha Alfa katika Tasnifu za Uuguzi: Mfano wa Kipimo cha Mazingira ya Kazi kwa Wauguzi wa Mtwara na Pwani ya Mdomo wa Ruvuma

1. Utangulizi

Katika sura ya tatu ya tasnifu nyingi za uuguzi hukutwa sentensi moja ambayo haibadiliki sana kutoka kazi moja hadi nyingine: kwamba dodoso lilijaribiwa, kigawo cha alfa cha Kronbaki kikapatikana kuwa zaidi ya 0.70, na kwa hiyo chombo ni cha kuaminika. Baada ya sentensi hiyo mtafiti huendelea na maadili ya utafiti, na msomaji huachwa aamini. Uhakiki huu unaichunguza sentensi hiyo. Hoja yake ni kwamba alfa haielezi sifa ya dodoso peke yake. Inaeleza majibu ya watu fulani, kwa idadi fulani ya vipengele, katika lugha fulani. Mtafiti asiyewataja watu hao, idadi hiyo na lugha hiyo hajaripoti uthabiti wa ndani, hata kama tarakimu aliyoiandika ni sahihi.

Ili hoja iwe na mahali pa kusimama, tumeunda mfano wa tasnifu. Mfano huo ni wa kubuni na hauhusu kazi ya mtu yeyote, ila kipimo kinachotumika ndani yake ni cha kweli. Ni kipimo cha mazingira ya utendaji wa wauguzi kilichochapishwa na Eileen Lake mwaka 2002, kijulikanacho kwa kifupi kama PES-NWI. Kina vipengele 31, kila kimoja kikijibiwa kwa ngazi nne za kukubali au kukataa. Vipengele hivyo vimegawanywa katika tanzu tano: ushiriki wa wauguzi katika masuala ya hospitali (9), misingi ya uuguzi bora (10), uwezo wa kiongozi wa wauguzi (5), utoshelevu wa watumishi na nyenzo (4), na mahusiano ya wauguzi na madaktari (3).

Mtafiti wetu wa kubuni amekitafsiri kipimo hicho kwa Kiswahili na kukijaribu kwa wauguzi 40. Kati yao, 26 wako katika hospitali kubwa mjini Mtwara, na 14 wako katika zahanati na vituo vya afya vya pwani, kuanzia upande wa Msimbati na Madimba hadi vijiji vilivyo karibu na mdomo wa Mto Ruvuma. Ameripoti alfa ya 0.88 kwa kipimo kizima. Kwa utanzu wa mahusiano na madaktari alipata 0.66, akaondoa kipengele kimoja, ikapanda hadi 0.72. Anahitimisha kwamba chombo "kinaaminika kwa wauguzi wa Mtwara".

2. Alfa na idadi ya vipengele

Lee Cronbach alikieleza kigawo hiki mwaka 1951. Katika sura yake sanifu, kinategemea mambo mawili tu: idadi ya vipengele (k) na wastani wa uhusiano kati ya kipengele na kipengele (r):

```
alfa = k*r / (1 + (k - 1)*r)
```

Tuchukue vipengele 31 ambavyo wastani wa uhusiano wake ni 0.10 tu, yaani vipengele visivyojuana sana. Juu ya mstari tunapata 3.1 na chini 4.0, hivyo alfa ni takriban 0.78. Kipimo hicho kingevuka mpaka wa 0.70 bila shida, ilhali vipengele vyake havishikamani. Ndiyo maana 0.88 ya mtafiti wetu haitushangazi. Tukiigeuza kanuni, tunaona kwamba inahitaji wastani wa uhusiano wa 0.19 pekee. Tarakimu kubwa imetokana zaidi na urefu wa dodoso kuliko na umoja wa dhana inayopimwa.

Jambo hilohilo huonekana katika matokeo ya Lake mwenyewe. Utanzu wa misingi ya uuguzi, wenye vipengele 10, ulipata alfa ya 0.80. Utanzu wa mahusiano na madaktari, wenye vipengele vitatu, ulipata 0.71. Msomaji wa haraka atasema wa kwanza ni imara na wa pili umeponea chupuchupu. Kanuni inasema kinyume: 0.80 kwa vipengele 10 ni wastani wa uhusiano wa takriban 0.29, na 0.71 kwa vipengele vitatu ni takriban 0.45. Utanzu wenye alfa ndogo ndio ulioshikamana zaidi.

Kwa hiyo tasnifu inayotoa alfa moja ya vipengele vyote 31 imeficha jambo ambalo mtahini anahitaji kulijua. Kipimo kilichojengwa kwa tanzu tano kinapaswa kuripotiwa kwa tanzu tano, kila utanzu ukiwa na idadi ya vipengele vyake na wastani wa uhusiano. Pia, alfa kubwa haithibitishi kwamba tanzu hizo zinapima kitu kimoja. Swali hilo hujibiwa na uchanganuzi wa vijenzi, ambao wauguzi 40 hawatoshi kuufanya kwa vipengele 31.

3. Ni nani waliobaki katika hesabu?

Dosari ya pili haionekani katika maandishi ya tasnifu. Inaonekana katika jedwali ambalo watafiti wengi hawalinakili. Katika programu ya SPSS, amri ya kawaida kwa utanzu wa mahusiano huwa hivi:

```
RELIABILITY
  /VARIABLES=md1 md2 md3
  /SCALE('ALL') ALL
  /MODEL=ALPHA
  /STATISTICS=DESCRIPTIVE CORR
  /SUMMARY=TOTAL.
```

Jedwali la kwanza linalotokea ni `Case Processing Summary`. Katika mfano wetu linaonyesha `Valid` 29 na `Excluded` 11. Programu humtoa mtu mzima katika hesabu iwapo ameacha wazi hata kipengele kimoja kati ya vilivyotajwa. Mtafiti aliandika kwamba wauguzi walikuwa 40, lakini alfa ilikokotolewa kwa 29.

Waliotoka wote 11 ni wa zahanati, na sababu yao ni ya kazi, si uzembe. Vipengele vitatu vya utanzu huo vinauliza kuhusu madaktari. Zahanati ya kijiji kwa kawaida haina daktari. Mganga mfawidhi huwa tabibu, na siku nyingine muuguzi ndiye anayebaki peke yake na wagonjwa. Muuguzi anayeulizwa iwapo anafanya kazi vizuri na daktari ambaye hayupo ana njia mbili: kuacha wazi, au kujibu kwa kumfikiria mtu mwingine. Watatu waliojibu huenda walimfikiria tabibu wao, au daktari wa hospitali wanakopeleka rufaa. Hatujui, na dodoso halikuwauliza.

Hivyo, kati ya watu 29 walioitoa alfa, 26 ni wa hospitali. Kwa kuwa vipengele hivyo vitatu vimo pia katika kipimo kizima, hata ile 0.88 ni ya hospitali kwa karibu kila hali. Hitimisho kuhusu "wauguzi wa Mtwara" limewaacha nje watu wa pwani ambao mtafiti alisafiri kwenda kuwaona. Hatari yake si ya takwimu tu. Ripoti ya aina hii ikitumiwa kupanga watumishi, hali ya zahanati itasemwa imepimwa kwa chombo kinachoaminika, ilhali haikupimwa.

Dawa si kujaza nafasi zilizo wazi kwa wastani. Kujaza huko kungewapa wauguzi wa zahanati maoni kuhusu daktari wasiye naye. Inafaa mtafiti aamue kabla ya kukusanya data: ama utanzu huo uulizwe hospitalini pekee na isemwe hivyo, ama kwa zahanati vipengele viandikwe upya vikimtaja tabibu, na toleo hilo lijaribiwe kivyake. Kwa vyovyote, alfa ya makundi mawili itolewe mbali mbali. Makundi yakichanganywa, tofauti ya jumla kati yao inaweza yenyewe kuikuza alfa: ikiwa watu wa hospitali wanakubali karibu kila kitu na wa zahanati wanakataa karibu kila kitu, vipengele vitaonekana kushikamana hata kama ndani ya kila kundi havishikamani.

4. Kipengele kilichoondolewa

Turudi kwenye 0.66 iliyogeuka 0.72. Mtafiti alifuata safu ya `Cronbach's Alpha if Item Deleted`, akaona kwamba kuondoa `md1` kunainua alfa, akakiondoa. Hakutueleza `md1` kinasema nini.

Katika kipimo cha asili, vipengele vitatu vinatofautisha mambo matatu: mahusiano mema ya kazi, kufanya kazi kama timu, na utendaji wa pamoja kati ya taaluma mbili. Katika tafsiri ya mtafiti wetu, cha pili kimekuwa "wauguzi na madaktari hushirikiana" na cha tatu "kuna ushirikiano kati ya wauguzi na madaktari". Hapo muuguzi ameulizwa swali moja mara mbili, na majibu yakalandana, kama ilivyotarajiwa. Kipengele cha kwanza, cha mahusiano mema, kikaonekana mgeni kwa sababu ndicho pekee kilichosema jambo tofauti. Kuondolewa kwake kumepandisha alfa na kuufinya utanzu hadi ukawa swali moja lililorudiwa. Uthabiti umeongezeka, uhalali umepungua, na chanzo ni tafsiri.

Hata kupanda kwenyewe hakuna uzito. Kwa watu 29 na vipengele vitatu, alfa ya 0.66 ina mipaka ya uhakika wa asilimia 95 ya takriban 0.37 hadi 0.83. Kwa vipengele viwili, 0.72 ina takriban 0.40 hadi 0.87. Mipaka hiyo inafunikana karibu yote. Mtafiti ametoa theluthi moja ya utanzu kwa ajili ya tofauti ambayo data yake haiwezi kuithibitisha.

Mpaka wa 0.70 nao hauhalalishi uamuzi huo. Jum Nunnally, anayetajwa sana kwa ajili yake, aliuweka mwaka 1978 kwa hatua za mwanzo za utafiti. Pale ambapo alama za mtu mmoja zinatumika kumwamulia jambo, alitaka angalau 0.90.

5. Hitimisho

Aya ya mtafiti wetu ingeweza kuandikwa hivi bila kuongeza data yoyote: "Uthabiti wa ndani wa utanzu wa mahusiano na madaktari (vipengele vitatu) ulikokotolewa kwa wauguzi 29 waliojibu vipengele vyote, 26 kati yao wakiwa wa hospitali. Alfa ilikuwa 0.66 (mipaka ya asilimia 95: 0.37 hadi 0.83). Wauguzi 11 wa zahanati hawakujibu, kwa kuwa vituo vyao havina daktari. Kwa hiyo matokeo ya utanzu huu hayawahusu. Vipengele viwili vilikaribiana mno katika tafsiri na vitaandikwa upya kabla ya utafiti mkuu."

Aya hiyo haina tarakimu ya kujivunia. Hata hivyo inamwambia mtahini nani alipimwa, kwa nini wengine hawakupimwa, na tafsiri irekebishwe wapi. Mwanafunzi atakayeichukua kazi hiyo na kuiendeleza katika zahanati za mdomo wa Ruvuma atajua pa kuanzia.