Nafsi ya Tatu katika Tangazo la Kazi: Uhakiki wa Hadithi Fupi ya Karani Aliyepunguzwa

Hadithi fupi inayohakikiwa hapa ingali katika mswada. Ilisomwa katika semina ya idara ikazusha ubishi mkali, na kwa ombi la mtunzi jina lake halitajwi. Kisa chenyewe chaweza kusimuliwa kwa maneno machache. Mtu aliyekuwa karani wa benki mjini Mombasa kwa miaka 11, kisha akapunguzwa kazini, anarudi nyumbani Mikindani kwa basi jioni moja ya Desemba 2017. Abiria aliyeketi kando yake anamwazima gazeti. Ndani yake mna tangazo la nafasi ya karani wa shehena bandarini Kilindini. Mfukoni mwa shati lake mna barua ya benki ambayo hajaifungua. Hadithi inakwisha kabla basi halijafika.

Wengi wa waliochangia katika semina waliisifu kwa maudhui, yaani kwa kuonyesha uchungu wa mtu aliyekosa kazi. Sifa hiyo ni ya haki lakini haitoshi, kwani uchungu wa namna hiyo umekwisha kuandikwa mara nyingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nguvu ya hadithi hii imo katika jambo la lugha: katika kiambishi kimoja cha nafsi, na katika swali la ni nani anayekusudiwa na kiambishi hicho.

Hapana budi kwanza kueleza hali inayomkabili mhusika, maana mtunzi ameidokeza tu. Mnamo Septemba 2016 sheria iliyoweka kikomo cha riba za benki ilianza kutumika nchini Kenya, nayo ikadumu hadi Novemba 2019. Riba haikuruhusiwa kuzidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4, na kwa kuwa kiwango hicho kilikuwa asilimia 10 mwaka wa 2017, kikomo kilikuwa asilimia 14. Benki kadhaa zilifunga matawi na kupunguza wafanyakazi, zikitoa kwa sababu sheria hiyo na kuenea kwa huduma za benki kwa simu. Mhusika wetu ni mmoja wa waliopunguzwa. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mtu wa namna hiyo malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumikia. Kwa miaka 11 ni siku 165, yaani mshahara wa miezi mitano na nusu.

Lakini karani ana deni. Alipokuwa kazini alikopa kwa riba nafuu ya wafanyakazi, asilimia 6, akajenga nyumba ambayo haijaezekwa. Siku alipoacha kuwa mfanyakazi aligeuka kuwa mteja, na riba ikapanda hadi asilimia 14. Kwa deni lililosalia la shilingi 1,200,000, riba ya mwezi iliyokuwa 6,000 imekuwa 14,000. Sheria iliyotungwa kumkinga mkopaji, ambayo kwayo alipoteza kazi, ndiyo sasa inayopima kimo cha mzigo wake. Mtunzi halisemi jambo hili waziwazi. Anamwonyesha karani akipiga hesabu hiyo kwa kidole juu ya goti, na kuifuta kwa kiganja kana kwamba imeandikwa. Malipo ya siku 165 yamekwisha kwa karo, kodi ya nyumba na marejesho ya miezi mitano. Miezi mitatu ya mwisho hajalipa kitu.

Sasa tangazo. Katika uhalisi matangazo ya kazi za bandarini huandikwa kwa Kiingereza, na baadhi ya wanasemina walidai kwamba mtunzi amekosea kulileta mbele ya msomaji kwa Kiswahili. Dai hilo linapuuza sentensi moja ya mwanzoni, inayosema kwamba karani aliusoma kila mstari kisha akaufasiri kimoyomoyo, kwa mazoea ya kazi. Tangazo tunaloletewa, basi, ni tafsiri, na mfasiri ni yeye mwenyewe. Kwa miaka 11 aliketi nyuma ya kioo akiwafasiria wateja fomu ambazo hawakuzielewa. Jioni hii mteja na mfasiri wamekuwa mtu mmoja.

Tafsiri yake inafuata sarufi ya matangazo yote ya Kiswahili: nafsi ya tatu umoja na vitenzi vyenye kiishio cha -e. Mwombaji awe na cheti cha sekondari. Awe na uzoefu wa miaka mitatu katika kazi ya hesabu. Awe hajazidi umri wa miaka 35. Kila "awe" inapotamkwa, karani anaikubali kwa moyo mkunjufu, kwani anazo sifa zote. Na mtunzi anajua kazi anayoizungumzia. Abiria jirani, ambaye ni mtu wa bandarini, anamweleza kwamba karani wa shehena husimama kando ya meli akilinganisha kilichoandikwa katika orodha na kilichoshushwa gatini, na kwamba kila kasha lina herufi nne na tarakimu saba, ile ya saba ikiwa ni ya kuhakikisha zilizotangulia. Karani anacheka kwa mara ya kwanza katika hadithi. Kazi hiyo anaijua: ni kulinganisha kitabu na fedha iliyo mezani, na kutia sahihi palipopungua. Ustadi wake haukufa pamoja na nafasi yake.

Basi limepita Makupa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya uvundo wa jaa la taka la Kibarani ambalo wakati huo lilikuwa bado liko kando ya barabara, ndipo anapofika kwenye orodha ya vyeti. Msomaji wa Kenya anaifahamu, kwani mashirika mengi ya umma ya miaka hiyo yaliidai: cheti cha mwenendo mwema cha polisi, cha ushuru, cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu, cha tume ya maadili, na cha ofisi za kumbukumbu za wakopaji. Sharti la mwisho analifasiri kwa kitenzi cha kukanusha: "asiwe na deni lililoshindikana."

Hapo mtunzi anarudi nyuma, kwa mara moja tu. Bibi mmoja muuza samaki alikuja kukopa, na karani akamfasiria masharti: mkopaji asipolipa kwa siku 90, jina lake litapelekwa kwa ofisi za kumbukumbu. Yule bibi akauliza, "Huyo mkopaji ndiye nani, mwanangu?" Karani akacheka. "Ndiye wewe, mama." Kisha hadithi inarejea katika basi, bila neno la kuunganisha.

Tukio hili ndilo ufunguo wa kazi nzima. Kiambishi a- katika "awe" na "asiwe" hakimtaji mtu. Ni nafasi tupu inayongojea mwenyewe. Bibi hakukosea kwa ujinga. Aliuliza swali la msingi kuliko yote yanayoweza kuulizwa juu ya hati ya aina hiyo. Karani alilicheka kwa sababu wakati huo nafsi ya tatu ilikuwa daima mtu mwingine, aliye upande wa pili wa kioo. Mtunzi hamwambii msomaji kwamba karani anajuta. Anaiacha ile a- ihamie mahali pake penyewe.

Inafaa kulinganisha na riwaya ya Adam Shafi, Kuli, iliyochapishwa mwaka wa 1979. Huko makuli wa bandari ya Unguja wanaonewa pamoja, na kwa kuwa wanaonewa pamoja wanaweza kugoma pamoja, kama ilivyotokea mwaka wa 1948. Karani wa hadithi hii hana wenzake. Waliopunguzwa pamoja naye wametawanyika, kila mmoja na barua yake. Karatasi humchambua mtu akiwa peke yake, na hadithi inayotokea ndani ya basi lililojaa watu inaonyesha upweke huo kuliko ambavyo ingeonyesha chumba kitupu.

Kasoro ipo. Yule mtu wa bandarini, baada ya kueleza kazi vizuri, anasema kwamba nafasi hizi zina wenyewe na kwamba tangazo ni la kutimiza desturi tu. Maneno hayo husikika kila siku, lakini hapa yanampa msomaji sababu rahisi ya kufumba tangazo. Ikiwa kazi imekwisha gawanywa kwa upendeleo, sharti la deni halina uzito tena. Hadithi ina jambo gumu zaidi la kusema: kwamba hata tangazo likiwa la haki, na likisomwa na watu waadilifu, litamfungia mlango mtu huyu, tena kwa neno la benki iliyomwachisha kazi. Sentensi hiyo ya jirani ingeondolewa, hadithi isingepungukiwa na kitu.

Mwisho wake ulilalamikiwa kuwa haukukamilika. Lakini ukichunguzwa kwa makini, umekazwa sana. Benki hutakiwa kumpa mkopaji ilani ya siku 30 kabla ya kulipeleka jina lake, na karani anaitambua bahasha iliyo mfukoni kwa ukubwa wake na kwa kidirisha chake, kwani alikuwa akizituma mwenyewe. Tangazo linafungwa baada ya siku 14. Ikiwa barua iliandikwa juzi, anaweza kuomba cheti kesho, nacho kikatoka safi, ingawa kitakuwa cha uongo kabla mwezi haujaisha. Ikiwa iliandikwa zamani ikachelewa posta, mambo yamekwisha. Yote yamo katika tarehe iliyo juu ya karatasi asiyotaka kuisoma. Na hata tarehe ikimpendelea, limebaki swali la pili: mtu ambaye ustadi wake wote ulikuwa kuhakikisha kwamba kitabu kinalingana na kilichopo, je, atapeleka cheti ambacho anajua hakilingani?

Basi linapozunguka Changamwe winchi za bandari zinaonekana zikiwaka taa. Karani anamrudishia jirani gazeti na kumshukuru. Anatoa bahasha, anaishika kwa ukingo kama alivyokuwa akizishika zote, na kuichana. Mtunzi anakomea hapo. Kuna waliotaka kuijua tarehe. Lakini hadithi ilikwisha kujibu swali la yule bibi, na kuichana barua ni kukiri jibu hilo: karani amekubali kwamba mkopaji ndiye yeye, naye ataisoma barua kama mtu aliyeandikiwa.