«Mutusaidie na chochote»: tusome imeli moja pamoja

Wandugu, mwenzetu mmoja alituma hapa imeli ya ushirika wao wa Walungu, alitaka tumuambie kama inafaa kwenda kwa mkaguzi wa kilimo. Amekubali tuiseme wazi. Njo hii:

«Kuhusu: SALAMU. Mheshimiwa Mtukufu Bwana Mkaguzi mpendwa, kwanza tunawasalimia katika jina la Bwana na tunatumaini kama jamaa yote iko muzima. Siye ni walimaji tangu wakati wa babu zetu. Sasa migomba inakufa mingi sana. Munatakiwa kuya haraka juu tunateseka. Mutusaidie na chochote.»

Kuko kitu kizuri ndani yake: iko Kiswahili. Ni kweli Kifaransa ndiyo lugha rasmi, lakini Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza, inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Tena wanachama waliweza kuisoma wote mbele ya kutia sahihi. Shida haiko lugha. Shida ni kwamba mkaguzi akimaliza kusoma, hajui afanye nini.

Tuanze na neno «chochote». Mukulima anafikiri ni unyenyekevu, lakini ofisi haiwezi kuandika «chochote» kwenye faili. Inaweza kuandika: kutuma mtaalamu, mahali fulani, mbele ya tarehe fulani. Ombi lenye mipaka linamrahisishia kazi yule anayesoma, na ile pia ni heshima.

Kisha kuna «munatakiwa kuya». Ile ni amri. Mistari miwili juu yake mutu anaitwa Mtukufu, hapa anatumwa sawa vile mutoto. Heshima ya barua haiko katika kupanga vyeo vitatu. «Bwana Mkaguzi» inatosha, na «Mheshimiwa» tumuachie waziri ao mbunge. Heshima iko katika kitendo: «tunaomba».

Na ile «mu»? Nyumbani tunamuambia mukubwa mmoja «muko aje, baba», na Kifaransa kinatuzoeza vilevile. Katika Kiswahili sanifu, mutu mmoja mwenye cheo anaandikiwa «ofisi yako», na si matusi. Kama mukono unakataa, omba ofisi yenyewe: «tunaomba ofisi itume». Pale hauna «u» wala «mu», na hakuna anayekasirika.

La mwisho, «mingi sana». Mingapi? Tangu lini? Inakufa namna gani? Bila ile, mkaguzi hawezi kujua kama ni ugonjwa ao ni jua. Nilimuuliza mwenzetu, akanipa hesabu yote kwa simu. Ilikuwa kwenye daftari ya ushirika, haikuingia tu katika barua. Tukaiandika hivi:

Kuhusu: Ombi la mtaalamu wa mimea, ugonjwa wa migomba, Walungu

Bwana Mkaguzi,

Salamu. Ushirika wetu unaomba ofisi yako itume mtaalamu atazame mashamba yetu kabla ya tarehe 30 Aprili.

Tangu tarehe 3 Aprili, mashina 42 katika mashamba ya wanachama 6 yanaonyesha dalili hizi: majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na shina likikatwa linatoa utomvu wa manjano. Tunadhani ni mnyauko wa bakteria, lakini haujathibitishwa.

Tumeambatanisha picha 3 na orodha ya mashamba. Katibu wetu atampokea mtaalamu. Namba yake ya simu iko hapa chini.

Kwa heshima,
(jina, cheo, ushirika, simu)

Angalieni mpango wake: ombi limekuja mbele, sababu nyuma. Salamu imebaki, lakini neno moja. Babu zetu wametoka, juu hawabadilishi uamuzi wa mkaguzi. Na lile «tunadhani» si woga: kutaja ugonjwa kwa hakika ni kazi ya yule anayekuja kupima. Sisi tunaleta dalili tulizoona na macho.

Kama unataka kupima imeli yako, mupe mutu asiyejua habari hiyo asome kichwa na sentensi ya kwanza tu. Kisha umuulize: nani anaomba nini, na lini? Akishindwa kujibu, andika tena.

Lakini imeli nzuri iko na mwisho wake pia. Mkaguzi anaweza kuhitaji kuipeleka kwa mukubwa wake kwa Kifaransa, kwa hiyo ambatanisha tafsiri. Na kwetu, faili mingi haitembei bila karatasi: chapisha barua ileile mara mbili, acha moja ofisini, na ya pili wakupigie muhuri wa kupokea wenye tarehe. Siku utakaporudi kuuliza, utaanza na ile tarehe.