Mfupishaji wa Mabishano

Yuko mzee mmoja katika mtaa wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyekuwa karani wa mahkama siku za ujana wake, na ambaye mpaka leo, baada ya macho kupungua nuru na mkono kuanza kutetemeka, ndiye peke yake anayeaminiwa na watu wa kila upande kwa kazi isiyo na mshahara wala cheo: kuyasoma mabishano ya kundi la WhatsApp la mtaa, tangu salamu ya mwanzo hata tusi la mwisho, kisha kuyaandika katika ukurasa mmoja wa daftari, kila rai mahali pake, na kuonyesha ni wapi hasa mazungumzo yalipogeuka ugomvi. Nimeketi naye barazani mara nyingi akiifanya kazi hiyo, na kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyozidi kuona kuwa tunao wasomaji wengi wa ugomvi, walakini wafupishaji wake hatunao.

Kadhia niliyomwona akiishughulikia kwa utulivu kuliko zote ni ile ya ukuta wa msikiti. Ukuta wa matumbawe ulipasuka upande wa kibla, masika yakiwa yanakaribia, na usiku mmoja baada ya sala ya Isha mweka hazina akatuma picha ya ufa pamoja na maneno machache kwamba fundi ameshapatikana na saruji imeshaagizwa. Kulipokucha palikuwa na jumbe 312, watu wawili walikuwa wamejitoa katika kundi, na mtaa mzima ulikuwa ukisimulia kwamba wazee wamegombana, hawa wanataka saruji na hawa wanataka chokaa. Mzee aliposikia habari hiyo hakuuliza nani amemtukana nani. Aliomba mazungumzo yote yachapishwe kwenye karatasi, na jumbe za sauti aachiwe kwenye simu, akavaa miwani, akaanza kusoma bila kushika kalamu.

Hilo ndilo sharti lake la kwanza, nalo huwashinda wengi: haandiki neno mpaka afike mwisho, kwa kuwa mtu anayeandika huku anasoma huwapa wasemaji wa mwanzo nafasi kubwa kuliko haki yao, na akifika katikati keshachoka, basi rai iliyozaliwa usiku wa manane huingizwa kwa mstari mmoja ama haiingizwi kabisa. Aliposoma mara ya pili alikata kwa wino mwepesi salamu, dua, picha za kucheka, na zile habari za kupelekwa mbele ambazo mletaji wake hakuziandika wala hakuzisoma. Zikabaki jumbe zisizofika 90 zilizohusu ukuta kwa namna yoyote. Akahesabu wasemaji, wakawa 19. Na katika hao 19, wawili tu ndio walioandika karibu nusu ya maneno yote. “Huyu,” akaniambia, akigonga jina la mmoja wao kwa ncha ya kalamu, “amesema mara arubaini, na mara zote arubaini amesema jambo moja. Kwangu mimi amesema mara moja.”

Kisha akaja kwenye saa. Waliokuwa wakimshutumu mweka hazina walikuwa na hoja waliyoiona nzito: mweka hazina aliulizwa swali saa 3:14 usiku, na jibu la kijana wake, katika picha ya skrini iliyokuwa ikizungushwa, lilionyesha saa 4:16, kwa hiyo, walisema, walikaa saa nzima wakipanga la kusema. Mzee aliitazama picha ile, akauliza imepigwa na nani, akaambiwa na ndugu yetu mmoja aliyeko Maskati. Basi akacheka kidogo, maana Maskati iko saa moja mbele ya Mombasa, na simu huonyesha saa ya mahali ilipo. Jibu lilitoka dakika mbili baada ya swali. Hapakuwa na mpango wowote, palikuwa na hamaki tu. Na tofauti ya hayo mawili, kwa mtu anayetaka kuandika kwa insafu, ni kubwa mno. Tangu siku hiyo nami siiamini picha ya skrini mpaka nijue imepigwa katika nchi gani.

Ama rai zenyewe, mtaa ulijua mbili, yeye akaona tatu. Ya kwanza ilikuwa ya wale waliotaka saruji, na hoja yao haikuwa kwamba saruji ni bora, kama wapinzani wao walivyowasingizia, bali kwamba chokaa hutaka muda wa kukauka na mvua haingoji. Ya pili ilikuwa ya wale waliotaka chokaa, nao hawakusema hivyo kwa kupenda mambo ya kale tu: walieleza kwamba ukuta wa matumbawe hutoa unyevu wake kupitia chokaa, ilhali saruji huufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache lipu hubanduka na kuondoka na jiwe. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke mmoja, aliyeandika kwa staha, “Ami, kabla ya saruji na chokaa, tungeomba tuonyeshwe daftari la mchango wa mwaka jana.” Aliiandika mara moja, saa 3:14. Watu wanne waliiunga mkono kwa neno moja moja, kisha ikafunikwa. Kwa hesabu ya kelele ilikuwa si kitu. Kwa hesabu ya rai ilikuwa sawa na zile nyingine mbili, na mzee aliipa mistari sawa nazo.

Kila rai alipomaliza kuiandika alimpelekea mwenyewe, kwa simu au kwa mtoto wa jirani, na swali moja tu: hii ndiyo kauli yako? Hakutaka kujua kama anapenda ilivyoandikwa. Alitaka aliyesema ajione mle, na mpinzani wake akiisoma aelewe kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweza kuishika. Vitenzi navyo alivipima. Hakuandika “alidai” kwa mmoja na “alieleza” kwa mwingine, wala “alikiri” kwa mtu ambaye hakuwa ameshitakiwa, wote “walisema”. Ukurasa wake ulikuwa mkavu kwa sababu hiyo, na mimi niliupenda ukavu ule.

Lakini ustadi wake wote ulikuwa katika kutafuta mahali maji yalipochafuka. Mtaa ulikuwa umekwisha kuafikiana kwamba ugomvi ulianza saa 3:50, pale ndugu wa Maskati alipotuma ujumbe wa sauti na kutamka maneno “wezi wa sadaka”. Mzee aliusikiliza ujumbe ule mara mbili, mara moja kwa ajili ya maneno na mara moja kwa ajili ya sauti, kisha akaufunika kwa kiganja pale ulipotajwa kwenye karatasi na kunisomesha yaliyofuata. Ugomvi uliendelea vilevile, kwani hata kabla ya tusi lile watu walikuwa wameshaulizana nani amechanga, nani mwenyeji na nani mgeni, nani ametumwa na nani. Akarudi nyuma, akafunika jibu la saa 3:16, lile la kijana: “Kwani wewe dada umechanga shilingi ngapi?” Hapo yote yaliyofuata yakakosa pa kusimama. Kabla ya jibu lile watu walikuwa wakisema habari ya ukuta na daftari. Baada yake walikuwa wakisema habari ya muulizaji. Tusi lilikuja dakika 34 baadaye, na lilikuja kama tawi la mti uliokwisha pandwa.

Akanionyesha dalili nyingine ambazo mimi, niliyekuwa nimesoma mazungumzo yale usiku uleule, zilinipita. Hadi saa 3:14 kila aliyemjibu mkubwa wake alianza na Ami, au Maalim, au Shangazi. Baada ya hapo majina ya taadhima yanadondoka moja moja, na mahali pake linakuja “wewe” tupu, kisha “nyinyi”, kisha “watu wa aina yenu”. Majibu yaliyokuwa yakipishana kwa dakika tano sita yanaanza kupishana kwa sekunde, maana yake hakuna tena anayesoma mpaka mwisho. Na palikuwa na ujumbe mmoja uliofutwa na mwenyewe, wenye alama ya kufutwa tu. Lakini mtu mmoja alikuwa ameujibu kwa kuunukuu kabla haujafutwa, na nukuu ilibaki. Mzee alipouona akausoma, akanyamaza, kisha akaandika: “Hapa pana ujumbe uliofutwa na aliyeuandika.” Maneno yake hakuyatia. Mtu aliyerudisha neno lake, alisema, arudishiwe. Lakini kwamba pana pengo, msomaji ana haki ya kujua.

Mukhtasari wake, ulipokamilika, ulianza na rai tatu. Ukafuata mstari wa jibu la saa 3:16, ambao aliunukuu neno kwa neno, kwa kuwa kila mahali pengine alikubali kufupisha, ila pale mazungumzo yalipogeuka hakutaka mtu adhani maneno ni yake. Ugomvi wenyewe, uliokula jumbe nyingi kuliko rai zote, aliupa sentensi mbili. Hakuandika kwamba pande zote zilikosea, kauli ambayo aliiita uvivu uliovaa kanzu. Na mstari wa mwisho ulisema: “Swali la daftari halikujibiwa.”

Zamani kazi hii ilikuwa na wasaidizi wake. Washairi waliolumbana katika Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923 na lililokuwa likitoka kila mwezi, walimsubiri mhariri na mpiga chapa, na hasira iliyosubiri mwezi mzima aghalabu hufika ikiwa imevaa vina na mizani. Mahkamani nako karani aliandika kwa mkono, na mkono ukienda polepole humlazimisha shahidi aseme polepole. Siku hizi neno hufika kabla mwenye kulisema hajalisikia yeye mwenyewe, na ufupisho unaopendwa ni ule wa mstari mmoja: kabla mzee hajamaliza ukurasa wake, makundi ya mitaa mingine yalikuwa yameshapokea habari kwamba “wazee wa msikiti wametukanana kwa ajili ya saruji,” pamoja na picha ya skrini ya tusi peke yake, bila kilichotangulia wala kilichofuata. Vijana niliowauliza kama wangependa kujifunza kwake waliniambia kazi hiyo ni ndefu mno kwa jambo la kundi la simu.

Ukurasa ulipelekwa kwa mweka hazina na kwa admini wa kundi. Admini alimshukuru mzee kwa heshima zote, kisha, kwa nia njema kabisa, akalifunga kundi ili wasimamizi peke yao waweze kutuma ujumbe. Ukuta ulitiwa saruji wiki iliyofuata. Kundi sasa limetulia, huletwa matangazo ya maziko na nyakati za sala, na dada yule aliyeuliza daftari anayasoma kama sisi wengine, wala hana pa kuliuliza tena.