Kitufe «Supprimer» hakifanye kile tunaamini

Kila mara mwenzetu mmoja anapokatwa dola mbili ao tatu bila kununua kitu, shauri linalozunguka kati ya wanafunzi ni lile lile: «Futa karte mu telefone, toa franga yote kwa karte, imeisha.» Mimi nakataa hilo shauri. Sehemu ya kwanza inafuta karte mahali pamoja tu, na ile ya pili inachelewesha shida. Lakini lawama kubwa siyo ya wenye kutoa shauri. Ni ya wale walioandika «Supprimer» juu ya kitufe bila kutuambia wanafuta nini.

Tuchukue mfano mmoja, namna mambo yanaendaka hapa Lubumbashi. Wenye karte ya Visa ao Mastercard kati yetu si wengi, basi karte moja ya yaya inasaidia jamaa nzima. Tuseme mwanafunzi mmoja wa Kasapa anaomba karte ya yaya yake, karte ya kujaza mbele ya kutumia, ili alipe nafasi ya kuwekea picha na TFC yake kwa Google: giga 100, dola 1.99 kwa mwezi. Anaandika nimero mu Chrome, analipa, anarudisha karte. Yaya anafikiri deni limeisha siku ile.

Kumbe siku ile vitu viwili tofauti vimezaliwa. Cha kwanza ni kumbukumbu: Chrome iliuliza kama ihifadhi karte, kijana akakubali. Hiyo kazi yake ni kujaza nimero pa nafasi yako siku utanunua tena. Cha pili ni ruhusa: mwenye duka amepewa haki ya kukata kila mwezi. Kumbukumbu iko upande wako. Ruhusa iko upande wa muuzaji. Ukifuta ya kwanza, ya pili haisikie hata kidogo.

Wengi wanauliza: watanikata namna gani bila ile kode ya namba tatu ya nyuma? Kanuni za karte zinamkataza muuzaji kuweka hiyo kode kisha malipo kukubaliwa. Lakini haihitaji. Pa nafasi ya nimero yako, mara nyingi anabaki na jetoni, ni kusema nimero ya badala yenye kutumika kwake tu. Mwezi unaofuata anatuma jetoni kwa banki na kusema: huyu mteja alikubali tangu mwanzo. Banki haiombe kode, haitume mesaji ya kuuliza. Inakata.

Njo hapa ukosoaji wangu unaanzia. Kuingiza karte kunaomba dakika moja na sehemu moja. Kuitoa kunaomba sehemu tatu, na hakuna moja inayokutajia zile zingine. Kuondoa aplikasyo kwa telefone pia hakukatishe abonema. Google yenyewe inaandika vile mu msaada wake, lakini nani anasomaka kule?

Kazi yenyewe ina utaratibu, na utaratibu ni wa maana. Anza na ruhusa. Kwa Android, fungua Play Store, gusa picha yako, ingia «Paiements et abonnements», halafu «Abonnements», katisha kila ambayo hautaki. Kwa iPhone ni mu «Réglages», gusa jina lako, kisha «Abonnements». Kama ni jaribio la bure, Apple inaomba ukatishe masaa 24 mbele ya mwisho wake, usingoje siku yenyewe. Kama ulilipa moja kwa moja kwa site ya muuzaji, abonema haitaonekana kwa Play Store. Ingia kwa konti yako kule kwake. Ukiisha, angalia kama tarehe ya «itaanza tena» imegeuka «itaisha». Hiyo njo alama kwamba umekatisha kweli.

Kisha toa karte kwa duka. Kwa Play Store ni «Paiements et abonnements», «Modes de paiement», mpaka ufike kwa «Supprimer». Kwa iPhone ni «Paiement et livraison». Duka likikataa kuitoa, usikasirike: mara nyingi ni ishara kwamba kuna abonema bado inaishi ao deni halijalipwa. Rudi nyuma utafute. Na kama karte mbili zimewekwa pale, angalia zote, kwani Google inaweza kutumia ya pili kama njia ya akiba wakati ya kwanza imekataa. Karte ya yaya inaweza kulipa abonema ambayo haikuandikwa juu yake.

Mwisho ni Chrome. Kwa ordinatere, andika hii kule juu, mahali pa adresi:

```
chrome://settings/payments
```

Utaona karte zilizohifadhiwa. Zingine ziko mu mashine ile tu, unazifuta papo hapo. Zingine ziko mu konti ya Google, na Chrome itakutuma kwa ukurasa wa Google kuzifuta kule. Tofauti hii ni kubwa kwa wanaotumia mashine ya siber ao ya kamarade: karte ya mu konti inakufuata kila mahali unafungua hiyo konti, na karte ya mu mashine inabaki na mwenye mashine hata wewe umeenda kwenu. Kufuta historia peke hakutoe karte ya mu konti.

Sasa ile tabia ya kutoa franga yote kwa karte. Malipo yakikataliwa, muuzaji hasemi «basi». Anajaribu tena siku zinazofuata. Yaya anaweka dola 50 ili alipe inskripsyo ya mtu mwingine, na dola 1.99 inatoka mbele yake. Siku ya kulipa, hesabu haienee, inskripsyo inakataliwa. Franga ni kidogo, lakini nafasi iliyopotea siyo kidogo. Zaidi, kuna banki zenye kukata kitu kwa kila malipo yaliyokataliwa, uliza yako.

Na oposisyo ku banki? Ni dawa ya karte iliyoibiwa ao muuzaji asiyesikia. Lakini hata yenyewe ina mpaka. Visa na Mastercard ziko na huduma ya kupelekea wauzaji nimero mpya pa nafasi ya ile ya zamani, kama banki inashiriki. Iliwekwa kusudi abonema zisikatike wakati karte inabadilishwa. Kwa hiyo unapoomba karte mpya, uliza ku gishe swali moja wazi: nimero mpya itatumwa kwa wauzaji ao hapana? Kama ruhusa haikukatishwa kwa muuzaji, karte mpya inaweza kurithi deni la ile ya zamani.

Wenye kutengeneza haya maduka wanajua abonema gani inakula karte gani. Wangeweza kuandika chini ya kitufe: «Karte hii bado inalipa vitu viwili, unataka kuvikatisha pia?» Ni mstari mmoja. Mpaka waandike, ukiazima karte ya mtu, usirudishe paka karte. Keti naye, fungua orodha ya abonema mbele yake, aone mwenyewe tarehe ya mwisho. Halafu atazame mesaji za banki mpaka tarehe ile ya kukatwa ipite mara moja bila kitu. Hapo njo deni limeisha.